Acheni Kutuuzia Bei Kiporo: Hiyo Chati Unayochora Imelala

Wasee, leo sina vichekesho. Leo nimekasirika, na mtu wa kwanza niliyemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Kuna tabia imeingia huku kwetu, kuanzia Wote mpaka Kitui mjini. Mtu anajifunza kusoma chati za dola na dhahabu kwa wiki mbili, kisha anachukua ile elimu yote anaimwaga kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Anafungua chati ya kampuni ambayo hisa zake huuzwa mara moja kwa wiki, anachora mistari miwili, anaweka mshale wa kijani unaoelekea juu, na anaandika, "Hii inalipuka." Halafu anafungua grupu la WhatsApp na kuanza kutoza watu wajiunge.

Nawajua hawa watu vizuri kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Sikutoza mtu pesa, lakini nilichora mistari, na kuna mtu wa damu yangu aliyeiamini. Sasa nataka tuongee ukweli kuhusu ile chati, polepole, na hesabu zikiwa mezani.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana niliweka posti ya hisa moja ndogo. Sitaitaja jina, kwa sababu kampuni yenyewe haikufanya kosa lolote. Chati yake ilikuwa imelala kwa siku 13 za soko, bei ikiwa shilingi 50 kila siku, kama laini ya reli. Siku ya 14 ukatokea mshumaa mmoja wa kijani mpaka 54. Mishumaa ni yale mapipa ya kijani na mekundu mnayoyaona kwenye chati. Nikaandika kwamba dari imevunjika, na kwamba ukiona kitu kimetulia muda mrefu hivyo halafu kikaruka, ujue kuna watu wakubwa wanaingia.

Binamu yangu ana kibanda cha kurekebisha simu Kitui mjini. Alikuwa ameshika shilingi 30,000 ambazo hazikuwa zake hata kidogo. Mama yake, shangazi yangu, alikuwa ameuza ndengu kule Zombe, na hiyo pesa ilikuwa ya kuongezea tangi la maji kabla ya mvua ya Novemba. Binamu aliona posti yangu, akafikiria atazungusha hiyo pesa wiki mbili, apate ya tangi na ya juu kidogo. Hakuniuliza. Kwani aniulize nini, na mimi ndiye nilikuwa nimeandika?

Kabla sijawaambia ilivyoenda, wacha niulize swali ambalo sikujiuliza siku ile. Ule mshumaa wa kijani ulitengenezwa na nini?

Nilikuja kuangalia baadaye. Ulitengenezwa na hisa 200. Mtu mmoja, mahali fulani, alinunua hisa 200 kwa shilingi 54. Hiyo ni shilingi 10,800, chini ya bei ya simu nyingi mnazotumia kusoma posti hii. Na zile siku 13 za kulala? Kwenye nyingi kati ya hizo hakuna aliyenunua wala aliyeuza hata hisa moja. Bei ya 50 haikuwa bei ya siku hizo. Ilikuwa bei ya siku ya mwisho watu walipouziana, ikabebwa kila asubuhi kama chakula cha jana kinachopashwa moto. Mimi naiita bei kiporo.

Hili ndilo jambo la kwanza ambalo walimu wa grupu hawasemi. Siku ikipita bila mtu kuuziana na mwingine, soko halisemi "leo hakuna bei." Linarudia ya mwisho. Orodha ya bei ya soko inayotolewa kila siku ina safu ya idadi ya hisa zilizouzwa, na kwa hisa kama hizi utakuta safu hiyo iko tupu siku baada ya siku. Lakini apu ya chati haichori utupu. Inachora mstari ulionyooka, na wewe unauona ule mstari unadhani ni utulivu. Utulivu ni pale watu wengi wanauziana na bado wanakubaliana bei. Pale hakuna aliyekuja sokoni, hakuna utulivu wowote. Kuna uwanja mtupu tu.

Watu wa Makueni wanaelewa hili hata bila chati. Nenda Kathonzweni siku ambayo si ya soko la mifugo, uulize mtu ng'ombe dume ni pesa ngapi. Atakujibu kwa bei ya soko lililopita. Tuseme wiki iliyopita dume mmoja aliuzwa 40,000, na aliyemuuza alikuwa anakimbizana na karo. Hiyo 40,000 ndiyo itatajwa wiki nzima. Je, ni bei ya ng'ombe wako leo? Hapana. Ni kumbukumbu ya haraka ya mtu mwingine. Hakuna mfugaji atakayezichora hizo kumbukumbu kwenye karatasi kila siku, kisha aseme ng'ombe "wametulia kwenye 40,000 na sasa wako tayari kulipuka."

Mfano mkubwa zaidi wa bei kiporo Kenya nzima ni Kenya Airways. Hisa zake zilisimamishwa kuuzwa Julai 2020, wakati serikali ilikuwa na mpango wa kulichukua shirika, na bei ikaganda kwenye shilingi 3.83. Zilirudi sokoni Januari 2025. Kwa miaka minne na nusu, bei ilikuwa 3.83. Ukichora hicho kipindi, unapata mstari ulionyooka kuliko barabara yoyote ya Ukambani. Lakini ndani ya kipindi hichohicho kampuni ilitangaza hasara ya karibu shilingi bilioni 36 kwa mwaka 2020, na bilioni 38 kwa mwaka 2022. Chati haikutikisika hata kidogo, kwa sababu chati haikuwa inaangalia kampuni. Ilikuwa inarudia namba moja. Soko lilipofunguliwa tena, bei ikaanza kuruka ndani ya siku chache, na hakuna mstari wowote wa miaka minne uliokuwa na habari ya kukupa.

Hiyo ilikuwa amri ya kusimamishwa, najua. Lakini hisa isiyouzwa kwa wiki tatu kwa sababu hakuna mtu anayeitaka, kwa macho ya chati, ni kitu kilekile. Tofauti ni kwamba hakuna mtu atakayekutangazia.

Sasa jambo la pili, na hili ndilo lililomla binamu. Tunaongea kama hisa ina bei moja. Haina. Kila wakati kuna bei mbili: ile ambayo mnunuzi wa juu kabisa yuko tayari kulipa, na ile ambayo muuzaji wa chini kabisa yuko tayari kukubali. Katikati kuna pengo. Kwa hisa kama ya Safaricom, ambayo mamilioni huuzwa kwa siku ya kawaida, pengo ni senti kidogo na hulihisi. Kwa hisa iliyolala, pengo ni bonde.

Fikirieni broka wa ndengu. Anakuja shambani Zombe ananunua kilo kwa 90, tuseme, na mjini anauza kwa 110. Siku hiyohiyo ukimuuzia utapata 90, ukitaka kununua kwake utalipa 110. Sasa tuseme Jumatatu mkulima mmoja anauza, tunaandika 90. Jumatano mama wa hoteli ananunua, tunaandika 110. Ijumaa mkulima mwingine anauza, tunaandika 90. Ukichora hizo namba tatu, utaona ndengu zimepanda asilimia 22 halafu zikaporomoka asilimia 18. Mtu wa grupu atakwambia kuna mawimbi. Lakini hakuna kilichobadilika! Broka hakubadilisha bei yoyote. Kilichobadilika ni nani alikuwa na haraka siku hiyo, muuzaji au mnunuzi.

Chati ya hisa iliyolala mara nyingi ni hiyo tu. Mshumaa wa kijani maana yake mnunuzi mmoja alichoka kusubiri akaruka bonde. Mshumaa mwekundu maana yake muuzaji mmoja alichoka. Ile 50 mpaka 54 niliyoiita kuvunja dari ilikuwa mtu mmoja kuvuka pengo ambalo pengine lilikuwepo mwezi mzima. Wanunuzi walibaki palepale kwenye 50.

Hebu sasa tuone oda zilivyokuwa asubuhi binamu aliponunua. Alikuwa ameniletea skrinishoti, na nimezikokotoa mara nyingi mpaka nazijua kwa kichwa. Upande wa wauzaji kulikuwa na hisa 150 kwa 54.50, kisha 250 kwa 56, kisha 400 kwa 58. Upande wa wanunuzi kulikuwa na mtu anataka 200 kwa 50, na mwingine 300 kwa 49. Basi. Hilo ndilo lilikuwa soko zima la hiyo hisa. Watu watano.

Binamu alitaka hisa 500, na alibonyeza oda ya kununua kwa bei yoyote iliyopo, kwa sababu posti yangu ilimfanya aone kama gari linamwacha. Akazichukua 150 za kwanza kwa 54.50, ambazo ni 8,175. Akazichukua 250 kwa 56, ambazo ni 14,000. Akamalizia 100 kwa 58, ambazo ni 5,800. Jumla 27,975. Gawanya kwa 500, kila hisa ilimgharimu 55.95. Ongeza ada za broka na tozo za soko, ambazo kwake zilikuwa asilimia 2, na pesa iliyotoka mfukoni ni 28,534.50.

Dakika hiyohiyo, angetaka kuuza, angepata nini? Zile 200 kwa 50 ni 10,000, na 300 kwa 49 ni 14,700. Jumla 24,700. Toa asilimia 2 tena, anabaki na 24,206. Yaani alipoteza shilingi 4,328.50, zaidi ya asilimia 15, kabla hata hajaweka simu chini. Na bei "haikuwa imeshuka" hata senti.

Ukitaka kuona vizuri alivyofungwa, uliza swali lingine: mnunuzi wa juu angepaswa kufika wapi ili binamu atoke bila hasara? Ukihesabu ada za kuingia na za kutoka, jibu ni 58.23. Mnunuzi alikuwa kwenye 50. Alihitaji wanunuzi wapande zaidi ya asilimia 16 ili apate sifuri. Kuna watu wanasubiri kampuni miaka kadhaa iwape asilimia 16, na yeye alikuwa amepanga wiki mbili.

Sasa sikilizeni sehemu inayoniuma zaidi. Jioni ile, chati ilipanda. Kwenye soko letu bei ya kufunga siku ni wastani wa bei zote za siku hiyo, ukipimwa kwa idadi ya hisa zilizouzwa kwa kila bei. Siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyeuziana na mwenzake kwenye hiyo hisa. Kwa hiyo bei ya kufunga ikawa 55.95, namba ileile ya binamu. Kutoka 54, hiyo ni kupanda karibu asilimia 4. Ukatokea mshumaa wa pili wa kijani. Nami, bila kujua, nikaupiga picha nikauweka kwenye statasi na maneno "Si niliwaambia?"

Yaani ushahidi wangu kwamba nilikuwa sahihi ulikuwa pesa ya tangi la shangazi. Binamu hakununua kwenye wimbi. Wimbi lilikuwa yeye.

Na apu yake ilimdanganya kwa siku tisa zilizofuata. Hakuna mtu aliyeuziana, bei kiporo ikabaki 55.95, na apu ikamwonyesha thamani ya hisa zake ni 27,975. Alidhani hajapoteza chochote ila ada. Tena kulikuwa na kitu kibaya zaidi ambacho wengi hawakijui. Soko letu haliruhusu bei iende zaidi ya asilimia 10 juu au chini ya bei ya kufunga ya siku iliyotangulia. Kwa kuwa sasa kufunga ilikuwa 55.95, mpaka wa chini ukawa 50.36 hivi. Wale wanunuzi wawili wa 50 na 49 wakawa nje ya mpaka. Alipofungua upande wa wanunuzi, aliona patupu. Alinipigia akauliza, "Kwani wameenda wapi?" Hawakuwa wameenda popote. Yeye mwenyewe alikuwa ameinua bei mpaka wakashindwa kufika.

Sasa wale wa vipimo mtaniambia nilikosea kwa kutotumia RSI. Sawa, twende na RSI. Hesabu yake ni hii:

```
RS  = wastani wa kupanda / wastani wa kushuka
RSI = 100 - 100 / (1 + RS)
```

Kawaida huangalia siku 14. Zile siku zangu 14 zilikuwa na 13 za sifuri na moja ya kupanda shilingi 4. Wastani wa kushuka ni sifuri, kwa hiyo kipimo kinagonga 100, juu kabisa, pale ambapo hakiwezi kupita. Hisa 200 za mtu mmoja zimejaza kipimo mpaka pomoni. Angekuwa ni muuzaji mmoja mwenye haraka, kingesoma sifuri. Kipimo hakijaharibika. Kinafanya hesabu yake vizuri kabisa, juu ya namba ambazo 13 kati yake ni kiporo. Mstari wa wastani wa siku 20 una ugonjwa huohuo: unachukua wastani wa namba moja iliyorudiwa, kisha unakuja kukupa ushauri.

Ndiyo maana nasema hawa walimu wanatuuzia kitu hatari. Sisemi kusoma chati ni uganga. Kwa hisa zinazouzwa kwa wingi kila siku, zile za Safaricom au benki kubwa kama Equity na KCB, kuna watu wengi nyuma ya kila mshumaa, na tunaweza kubishana kistaarabu kama mistari inasaidia. Lakini linganisheni. Safaricom ina hisa zaidi ya bilioni 40. Limuru Tea, ambayo pia iko kwenye soko hilohilo, ina hisa milioni 2.4 tu, na zaidi ya nusu ziko kwa mwenye kampuni mkubwa mmoja. Hisa za Safaricom zinazouzwa kwa siku moja zinaweza kuzidi hisa zote za Limuru Tea zilizopo duniani. Kuzisoma chati za hizi mbili kwa njia moja ni kama kupima kina cha Mto Athi na cha ndoo kwa kamba ileile, halafu ushangae kwa nini ndoo imeyumba ulipoigusa.

Kuna mtu atasema, "Lakini mimi nilinunua hisa ndogo kwa chati na nikapata faida." Nakuamini. Swali ni je, uliuza? Kama hujauza, unachoonyesha ni skrinishoti ya bei ya mwisho, na nimewaonyesha bei ya mwisho ni nini. Na kama uliuza, nani alikununulia? Mara nyingi ni mtu aliyefika baada yako kwa sababu ya chati ileile. Sisingizii mtu yeyote, lakini fikirieni: kama shilingi 10,800 zinaweza kutengeneza mshumaa wa kijani, na mtu ana hisa zake anataka kuziondoa, na ana grupu la watu 250 wanaosubiri mshumaa wa kijani, anahitaji nini zaidi? Kuchezea bei hivyo ni kosa kwa sheria ya masoko ya mitaji. Ila wewe uliyenunua utakuwa umeshalipa.

Mwingine atasema basi hisa hizi ni mbaya, tuzikimbie. Hapana. Kuna wazee wanaoshika hisa za kampuni za chai kwa miaka 15 wakila gawio. Wao walilivuka bonde mara moja, na wamegawanya hiyo gharama kwa miaka 15. Hata hawana chati. Wana ripoti ya mwaka ya kampuni na subira. Tatizo linaanza mtu anapotaka kuvuka bonde kwenda na kurudi ndani ya wiki mbili akiwa na pesa ya tangi.

Kwa hivyo sasa, kabla sijagusa hisa yoyote ndogo, nafanya mambo manne tu, na chati haiko kati yake.

La kwanza, nachukua orodha za bei za siku 20 za soko na kuhesabu ni siku ngapi hisa hiyo iliuzwa kweli. Siku zilizo tupu nazifuta. Kama zimebaki siku sita, basi nina nukta sita, na mtu haoni wimbi kwenye nukta sita. Kisha kwa kila nukta nazidisha hisa kwa bei nione ni shilingi ngapi zilibadilishana mikono. Nukta ya 10,800 si habari.

La pili, soko likiwa wazi, kati ya saa tatu na nusu asubuhi na saa tisa mchana, naangalia pande zote mbili za oda. Natoa bei ya mnunuzi kwenye bei ya muuzaji, nagawanya kwa bei ya muuzaji. Kwa ile ya binamu ni 4.50 kugawanya kwa 54.50, zaidi ya asilimia 8. Naongeza ada za kwenda na kurudi, asilimia 4. Hiyo 12 ndiyo nauli. Kama sina sababu ya kuamini kampuni itanilipa zaidi ya nauli, sipandi gari.

La tatu, sibonyezi kamwe oda ya bei yoyote. Naandika bei yangu, kwa mfano 52, katikati ya bonde, na nasubiri mtu mwenye haraka aje kwangu. Asipokuja wiki hii, sijapoteza kitu. Kwenye hisa hizi anayesubiri hulipwa na mwenye haraka, kila mara.

La nne, nikishazinunua, nazithaminisha kwa bei ya wanunuzi waliopo, nikishuka oda moja baada ya nyingine mpaka hisa zangu ziishe. Kama oda zimeisha kabla ya hisa zangu, basi hizo zilizobaki leo hazina bei, hata apu iseme nini.

Binamu? Aliweka oda ya kuuza kwa 52 na akasubiri. Bei ilirudi chini kidogokidogo, watu wakiuziana hisa chache chache, na baada ya wiki sita aliuza 300. Zile 200 bado anazo. Mvua ya Novemba ilinyesha Zombe, ikatiririka kwenye mabati ya shangazi na kwenda zake, kwa sababu tangi halikuwepo. Mimi ndiye niliyeongezea iliyokosekana, Desemba, baada ya mvua nyingi kupita. Shangazi alinishukuru, na hajui kwamba mshumaa ule niliuchora mimi. Ijumaa naenda Zombe kumwambia.

Ile posti nimeifuta. Na wewe unayeweka mshale wa kijani kwenye hisa iliyolala, weka pia chini yake namba mbili: siku hiyo ziliuzwa hisa ngapi, na mnunuzi wa juu yuko kwenye bei gani. Kama unaogopa kuziweka, tayari unajua ninachosema.